“Kwa Wafanyakazi Tu”: Kisa cha Vibao Vitatu katika Kituo Kimoja cha Afya, Dodoma

Msimamizi wa kituo kimoja cha afya cha binafsi hapa Dodoma mjini, ambacho sitakitaja jina, aliniita mwanzoni mwa kiangazi kwa malalamiko ambayo kwake yalikuwa ya nidhamu ya wagonjwa, lakini kwangu, tangu dakika ya kwanza, yalikuwa ya maandishi. Wagonjwa walikuwa wakiingia katika chumba cha kutakasia vifaa, wakipita mlango wa nyuma uliotengwa kwa ajili ya kutokea, na siku tatu kabla ya hapo kijana mmoja alikuwa ameteleza ukumbini, hatua mbili tu kutoka kwenye kibao cha njano kilichomwonya asiteleze. “Vibao vyote vipo,” alinieleza, “tena kwa lugha mbili. Watu wetu hawasomi.”

Vibao vilikuwapo kweli. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi asubuhi nzima nikitazama, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watu wetu wanasoma sana. Mtu anayesubiri kuitwa husoma kila kitu kilicho mbele yake, hata tangazo la bima lililokwisha muda wake. Tatizo lilikuwa katika kile walichokisoma.

Mlango wa chumba cha kutakasia vifaa ulikuwa na kibao cha plastiki kilichoandikwa kwa herufi kubwa za bluu KWA WAFANYAKAZI TU, na chini yake, kwa ukubwa uleule, STAFF ONLY. Mnamo saa nne asubuhi, mama mmoja wa makamo ya uzee, aliyekuja na mjukuu wake kutoka upande wa Bahi, aliinuka, akakisogelea kibao, akakisoma kwa sauti ya chini silabi kwa silabi, kisha akafungua mlango na kuingia. Muuguzi alimtoa kwa upole.

“Bibi, hukukiona kibao?”

“Nimekiona, mwanangu, ndiyo maana nikaingia. Si kimesema hapa ni kwa wafanyakazi? Nami nawatafuta hao hao, mtoto anatapika.”

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi yule alikuwa amesoma Kiswahili kwa usahihi kabisa. Neno “kwa” likifuatwa na watu, katika maneno yetu ya kila siku, hutaja mahali wanapopatikana: tunakwenda kwa daktari, tunalala kwa shangazi, tunapeleka viatu kwa fundi. Aliyekiandika kile kibao alikusudia ile maana nyingine ya “kwa”, yaani “kwa ajili ya”, lakini mtu mwenye shida anayemtafuta muuguzi hana sababu ya kuichagua maana hiyo mbele ya ile anayoitumia kutwa nzima. Kwake kibao kile kilikuwa anwani. Nalo neno “tu” pale mwishoni, ambalo lilitegemewa kubeba katazo lote, halikumzuia chochote, maana lilimhakikishia kuwa humo ndani hatakutana na wagonjwa wenzake bali wafanyakazi watupu.

Kiingereza hakina shida hiyo. Maneno STAFF ONLY yamekaa milangoni kwa muda mrefu kiasi kwamba msomaji wake hayafasiri tena. Huyaona kama alama na kurudi nyuma. Sisi hatuna fungu la maneno lililozoeleka kiasi hicho, na kosa la kibao kile lilikuwa kudhani kwamba ukilihamisha fungu la Kiingereza neno kwa neno, mazoea yake nayo yatahama pamoja nalo. Yalihama maneno, mazoea yakabaki.

Msimamizi alipoelewa hilo, alipendekeza tuondoe “kwa” na kubakiza WAFANYAKAZI TU. Ni afadhali, lakini hakutoshi, kwa kuwa maneno hayo bado yanataja watu walio upande wa pili wa mlango bila kumwambia anayesimama upande huu afanye nini. Akapendekeza WATUMISHI TU, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi serikalini, ambako mwajiriwa huitwa mtumishi. Nilimwomba afikirie Jumapili. Katika makanisa mengi ya hapa mjini mtumishi ni mchungaji au mwinjilisti, nao huja kituoni karibu kila siku kuwaombea wagonjwa. Kibao hicho kingewafungulia mlango kwa heshima zote. Pendekezo lake la tatu lilikuwa WAHUSIKA TU, neno ninaloliona kwenye milango mingi ya ofisi zetu na ambalo, kwa maoni yangu, ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu hakuna mtu anayefika mlangoni akiwa anajiona hahusiki. Baba aliyemleta mwanawe anahusika kuliko mtu yeyote.

Tulichokiweka hatimaye ni katazo kwanza na watu baadaye: mstari wa juu “Usiingie”, wa pili “Wafanyakazi tu”, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, STAFF ONLY. Zingatia kwamba Kiswahili kina mistari miwili na Kiingereza kimoja, na kwamba neno la kwanza la Kiswahili halina mwenzake upande wa Kiingereza. Msimamizi alisumbuliwa na jambo hilo. Aliona kama kwamba tumepunja lugha mojawapo. Nilimjibu kwamba kipimo cha kibao cha lugha mbili ni kama wasomaji wawili waliosimama mbele ya mlango mmoja watafanya kitendo kimoja kwa wakati mmoja, na kwamba idadi ya maneno haiingii katika hesabu hiyo. Kwa msomaji wa Kiingereza yale maneno mawili yanatosha. Kuyatanguliza na katazo lingine kwa ajili ya ulinganifu wa macho kungemchelewesha bila faida.

Kisha tukaongeza kibao kidogo pembeni, usawa wa kitasa: “Muuguzi yupo dirisha namba 2.” Hiki ndicho, naamini, kilichomaliza kazi. Mtu anayeingia mahali asipotakiwa mara nyingi anatafuta kitu, na katazo lisilomwelekeza linamwacha palepale na shida yake, akisubiri koridoni papungue watu ajaribu tena.

Mlango wa pili ulikuwa na hadithi tofauti. Ni mlango wa nyuma, unaotokea kwenye uwanja ambako gari la wagonjwa hurudi kinyumenyume, na kwa hiyo ulitengwa kwa kutokea tu. Upande wa nje uliandikwa HAIRUHUSIWI KUINGIA BILA RUHUSA, na NO ENTRY chini yake. Hapa lugha mbili zilikuwa zikisema mambo mawili yasiyofanana: Kiingereza kilifunga mlango kabisa, ilhali Kiswahili kiliuacha wazi kwa yeyote mwenye ruhusa, bila kusema ruhusa hiyo hutolewa na nani. Matokeo yalikuwa ya adabu na ya usumbufu kwa pamoja. Watu waligonga, wakafungua kidogo, wakaingiza kichwa na kusema, “Naomba ruhusa,” na yeyote aliyekuwa karibu akawajibu, “Pita.”

Maneno “bila ruhusa” yalikatwa siku hiyohiyo. Yaliyobaki, yaani HAIRUHUSIWI KUINGIA, yalihitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni maneno sahihi, ya heshima, na yamezoeleka. Shida yake ni ya macho. Ukanushi katika Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi, mara nyingi katika silabi moja au mbili za mwanzo, na kitenzi kinapokuwa kirefu kama hiki, chenye herufi kumi na moja, silabi hizo ndizo za kwanza kupotea. Fundi aliyechora kile kibao aliishiwa nafasi kwa sababu ubao wa mlango ni mwembamba, akalivunja neno vipande viwili: HAI juu, na RUHUSIWI KUINGIA chini yake kwa mstari mmoja uliojaa vizuri. Jua la uwanjani likaipausha rangi ya mstari wa juu, ambao haukuwa chini ya kivuli cha kizingiti kama ule wa pili. Nilipofika, mtu aliyesimama hatua sita aliona wazi maneno mawili, na maneno hayo yalikuwa yakimkaribisha.

Kwa mlango huu tulipima mapendekezo mawili, “Marufuku kuingia” na “Usiingie hapa”. La kwanza lina sifa kubwa, nayo ni kwamba ukanushi wake ni neno zima, linalosimama peke yake mwanzoni, na ambalo haliwezi kudondoka bila kuonekana limedondoka. Nilikuwa nalipendelea. Lakini linanuka amri ya polisi, na msimamizi alikataa katakata kuliweka mbele ya wagonjwa; mlango wa stoo ya mitungi ya gesi, alisema, hapo sawa. Nadhani alikuwa na haki. Neno zito likitumika kwenye kila mlango huzoeleka, na siku linapohitajika kweli, kwenye mitungi, litakuwa limekwisha makali.

Tukabaki na “Usiingie hapa”, ambalo lina nguvu za namna nyingine: kila mtu aliyekulia mjini amesoma “Usikojoe hapa” na “Usiegeshe gari hapa” kwenye kuta maelfu ya mara, na “usi-” mwanzoni mwa maandishi ya ukutani humfikia kabla hajamaliza neno. Lina hatari moja tu, ambayo niliigundua kompyutani wakati fundi akipanga herufi. Likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, USIINGIE lina I mbili zilizosimama bega kwa bega kama miti miwili ya uzio, na kwa mbali, hasa herufi zikibanwa, S na I hizo hujikunja kuwa kitu kimoja. Na silabi hiyo, SI, ndiyo yote inayotenganisha katazo na ruhusa. Ukiiondoa unabaki na “Uingie”. Tukaliandika kwa herufi ndogo zenye U kubwa mwanzoni, ambapo nukta mbili za i huonekana dhahiri, na tukaacha nafasi kidogo zaidi kati ya herufi. Jambo dogo kama hili halitajwi na mtu yeyote anayeagiza kibao, wala sikuwahi kulitaja mimi mwenyewe kabla ya siku ile.

Msimamizi aliomba tuanze na “Tafadhali”. Hoja yake ilikuwa ya kiutu, kwamba wazee hawaamrishwi, nami sikutaka kuipuuza. Hata hivyo neno hilo lina herufi tisa, lingekuwa kubwa kuliko katazo lenyewe, na lingelisukuma mstari wa pili, mahali ambapo jicho la mtu anayetembea halifiki kwa wakati. Tukaiweka adabu mahali ilipo na faida: mstari wa chini unasema “Karibu mlango wa mbele”, pamoja na mshale unaoonyesha kulia. Upande wa Kiingereza tuliacha NO ENTRY na mshale uleule. Mshale haudai tafsiri. Kuhusu umoja na wingi, fundi alitaka “Msiingie”, kwa kuwa wanaokuja ni wengi. Nilimkatalia, kwa sababu kila anayekisoma kibao hukisoma akiwa peke yake, na “msi-” humfanya mtu mzima ajione yuko mstarini shuleni.

Juu ya maneno tuliweka picha ya mtu anayetembea ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, ambayo ni alama ya kimataifa ya kukataza njia kwa waendao kwa miguu katika kiwango cha ISO 7010. Awali palikuwa na ile sahani nyekundu yenye mstari mweupe wa kulala, ya barabarani. Vijana wa bodaboda waliielewa papo hapo, maana ni alama ya kazi yao. Bibi mmoja niliyemuuliza alidhani ni alama ya msalaba ambayo haijamalizika kuchorwa.

Sasa kibao cha njano, kile kilichohusika na kijana aliyeteleza. Kilinunuliwa dukani kikiwa kimeandikwa CAUTION WET FLOOR pamoja na picha ya mtu anayeanguka, na mtu mmoja, kwa nia njema, alikuwa amebandika juu yake karatasi ya SAKAFU MBICHI. Tafsiri hiyo ni kiini cha kosa zima la vibao vya lugha mbili. Sakafu mbichi, kwa Kiswahili cha mafundi, ni sakafu ambayo saruji yake haijakauka, kama vile rangi mbichi ni rangi itakayochafua nguo. Anayesoma hivyo huangalia kama kuna ujenzi, asipouona, anapita. Nilimuuliza yule kijana, aliyerudi kuangaliwa kifundo cha mguu, alikuwa ameelewaje. Alijibu kwamba alidhani marumaru zimebandikwa upya na hazitakiwi kukanyagwa na vitu vizito, na kwa kuwa yeye si mzito, alipita pembeni, penye maji.

Wengine huandika “Sakafu ina unyevu”, ambayo inasikika kama utabiri wa hali ya hewa. “Sakafu imelowa” ni Kiswahili safi na cha kweli, lakini kinaeleza hali ya sakafu na kumwachia msomaji kazi ya kukisia madhara yake. Kiingereza kimezoea kutaja sakafu. Kiswahili kinalo neno moja linalotaja lile litakalokupata, nalo ni “utelezi”. Mtu wa Dodoma analijua tangu utotoni, kuanzia njia za udongo za msimu wa mvua, na halihitaji kusomwa mara mbili. Tukaandika “Utelezi!” kwa herufi nene, chini yake “Sakafu ina maji”, na WET FLOOR mwishoni. Picha ya mtu anayeanguka tuliiacha, kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kuliko karatasi iliyoizibia miguu.

Kabla ya kuagiza vibao vya kudumu, tulichapisha vyote vitatu kwenye karatasi na kuvijaribu kwa watu kumi waliokuwa foleni, kwa njia isiyogharimu kitu. Nilimwonyesha mtu karatasi kwa kadiri ya kuhesabu moja, mbili, nikaificha, kisha nikamuuliza, “Ungekutana na hiki mlangoni, ungefanyaje?” Sikuuliza kilichoandikwa, kwa sababu mtu anaweza kukariri maneno barabara na bado akaingia. Karatasi ya utelezi ilijibiwa na wote kumi kwa namna moja, wengine hata wakainua miguu. “Usiingie hapa” ilipata tisa. Wa kumi, mzee asiyejua kusoma, alijibu kwa picha na akawa sahihi, ila alitaka kujua mshale unampeleka wapi. Kwenye kibao cha wafanyakazi mmoja tu alisita, dada wa kampuni ya usafi iliyokodiwa na kituo. “Mimi nafanya kazi hapa,” alisema, “lakini si wao walioniajiri. Niingie?”

Swali lake halikuwa na jibu katika maandishi, na sikujaribu kulitafutia. Kuna mambo ambayo kibao hakiwezi kuyabeba, na orodha ya wanaoruhusiwa ni mojawapo. Msimamizi alikubali kuwaeleza kwa mdomo watu wa usafi na wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo, na chumba kikawekewa kitasa chenye funguo.

Yaliyobaki yalikuwa ya vipimo. Mafundi wengi wa vibao hufuata kanuni ya sentimita moja ya kimo cha herufi kwa kila mita tatu za umbali wa msomaji, nayo inafaa kama kima cha chini kabisa. Koridoni kwao ni mita tisa, kwa hiyo herufi za sentimita tatu zingesomeka kwa mtu mwenye macho mazuri na mwanga wa kutosha. Tulifanya sita kwa neno la kwanza, kwa kuwa kituo cha afya kina watu wa macho mabovu kuliko mahali pengine popote, na Kiingereza tukakipa sentimita tatu. Pia tulikiondoa kibao cha chumba cha vifaa kwenye ubao wa mlango. Mlango ule hufunguka kwa ndani na wauguzi huuacha wazi joto likizidi, hivyo maandishi yalikuwa yakigeukia ukutani ndani ya chumba katika saa zile zile yalipohitajika zaidi. Sasa kipo ukutani, upande wa kitasa, usawa wa macho.

Nilipita tena baada ya wiki sita. Chumba cha vifaa hakijaingiwa na mgonjwa, kwa maelezo ya muuguzi. Mlango wa nyuma bado unaingiwa, ila na watu wachache wanaoujua na kuupuuza kwa makusudi, na hao hakuna sarufi itakayowazuia. Kibao cha njano nilikikuta kimesimama katikati ya ukumbi saa tisa alasiri, juu ya sakafu kavu kama ngozi ya ngoma, na watu wakikizunguka bila kukitazama. Kwa hewa kavu ya kiangazi cha huku, marumaru iliyopigwa deki hukauka upesi sana, na kibao kinachobaki baada ya hapo kinawafundisha watu wote wanaopita kwamba neno “utelezi” si kweli. Nilimweleza kijana wa usafi. Siku iliyofuata alikuwa amekifunga kibao kwa kamba kwenye mpini wa ndoo ya deki, ndoo ikiondoka nacho kinaondoka.